Chupa ya Mtoto Isiingie Maikrowevu

Maikrowevu haipashi maziwa sawasawa. Chupa ukiishika huenda ikawa vuguvugu tu, kumbe katikati mna maziwa ya moto yanayoweza kumbabua mtoto mdomo na koo. Kuigusa kwa nje hakutoshi kukuonya.

Njia salama ni bakuli la maji ya moto, yasiyochemka. Isimamishe chupa humo ikiwa imefunikwa, maji yasifike kwenye kifuniko, kwa dakika chache, zisizidi 15. Izungushe taratibu ili joto lienee, kisha dondoshea matone ndani ya kifundo cha mkono wako. Yakiwa vuguvugu, mnyweshe. Yakichoma, subiri yapoe. Maziwa yatakayobaki baada ya kunyonya, yamwage, usiyapashe tena.