Je, Wajua? Kumi na Mbili Kabla ya Magharibi

Mvulana ametumwa ujumbe kutoka Ukunda, Diani, hadi Msambweni, huko huko Kwale, tuseme kilomita 24. Anatoka saa 9 alasiri. Kwale iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama muda mfupi tu baada ya saa 12 jioni, na giza huingia upesi. Ili afike kabla ya magharibi, ana muda wa saa 3: kilomita 8 kwa kila saa.

Je, akitembea nusu ya njia kwa kilomita 6 kwa saa, atafidia kwa kukimbia 10? La! Kilomita 12 za kwanza zitamchukua saa 2 nzima. Zilizobaki atazimaliza kwa saa 1 tu, yaani akimbie 12! Akishika 8 tangu Ukunda, atafika jua lingalipo.