Lugha ya Pole kwa Aliyepoteza Ujauzito: Kitenzi, Kiambishi na Ahadi katika Ujumbe Mfupi

Makala hii inafafanua namna ujumbe mfupi wa pole kwa rafiki aliyepoteza ujauzito unavyoundwa katika Kiswahili, na kwa nini baadhi ya maneno yaliyozoeleka humwongezea mfiwa uchungu. Ujauzito mwingi unaopotea hupotea katika wiki 12 za mwanzo, wakati ambapo familia nyingi hazijautangaza. Kwa hiyo mara nyingi hakuna matanga wala mazishi, na ujumbe wa rafiki huweza kuwa rambirambi pekee anayoipata mwanamke huyo.

Jambo la kwanza ni kitenzi. Vitenzi "toka" na "toa" ni ndugu, lakini vinatofautiana katika mtenda. "Mimba imetoka" haimtaji mtenda yeyote, ilhali "ametoa mimba" hueleweka kuwa amefanya hivyo kwa kukusudia. Kosa la herufi moja katika ujumbe wa simu hugeuka shutuma. "Mimba imeharibika" nayo, kwa kuwa iko katika kauli ya kutendeka, haimlaumu mtu. Hata hivyo, kitenzi hichohicho hutumika kwa gari na kwa chakula kilichochacha. Daktari anaweza kukiandika katika faili. Rafiki hana sababu ya kukitumia, kwa sababu aliyefikwa anajua kilichotokea.

Jambo la pili ni kiambishi cha yambwa. Anayeandika "umeipoteza" amefuata upatanisho wa nomino "mimba" katika ngeli ya I-ZI. Anayeandika "umempoteza" amekwisha kumhesabu mtoto katika ngeli ya A-WA. Sarufi humlazimisha mwandishi kuamua jambo ambalo si lake kuliamua. Wako wanawake wanaomwomboleza mtoto waliyekwisha kumpa jina, na wako wanaosema wamepoteza ujauzito, basi. Njia salama ni kufuata kiambishi alichokitumia mfiwa mwenyewe. Kama hajasema neno, kiwakilishi "hili" hutosha: "Pole sana kwa hili lililokufika." Vilevile, jina la utani "mama kijacho", ambalo pengine rafiki alikuwa akimwita kwa furaha, huachwa mara moja.

Jambo la tatu ni maelezo na ahadi. Chukua mfano wa rasimu hii:

"Pole shoga yangu. Usilie, Mungu atakupa mwingine. Bora imetoka mapema. Kwani ilikuwaje? Ukihitaji chochote niambie."

Nia ni njema, lakini kila sentensi baada ya ile ya kwanza ina kasoro. "Usilie" ni amri. "Mwingine" huchukulia kwamba aliyepotea anaweza kufidiwa, na tena huahidi jambo ambalo mwandishi hana uwezo nalo. "Bora" hulinganisha msiba huu na mkubwa zaidi, kana kwamba huu haujatimiza kiwango cha kulilia. "Ilikuwaje" humtaka asimulie upya, na huweza kumfanya atafute kosa lake. Ilhali, katika ujauzito mwingi unaopotea mapema, chanzo ni hitilafu za kromosomu za kiinitete, si kazi aliyoifanya wala mzigo aliouinua. "Chochote" nalo humwachia mfiwa kazi ya kufikiri na kuomba.

Kinachobaki ni "pole". Neno hili halieleweki kuwa fomula tupu, kwa sababu halielezi sababu wala haliahidi kitu. Hukiri tu kwamba mtu ameumia. Rasimu hiyo inaweza kuandikwa upya hivi:

"Mwenzangu, pole sana. Dada yako ameniambia, nami nimehuzunika. Sina neno la kuliondoa hili. Jumamosi saa nne nitaleta chakula. Ukiwa umelala nitamwachia dada. Si lazima unijibu."

Ujumbe huu unataja alivyopata habari, ili mfiwa asijiulize nani anajua. Unataja siku na saa, hivyo msaada hauhitaji kuombwa. Sentensi ya mwisho inamwondolea wajibu wa kuitikia, ambao katika adabu ya Waswahili ni mzito: anayepewa pole hutarajiwa kujibu "asante" au "nimeshapoa", hata kama hajapoa.

Ufafanuzi huu una mipaka. Maneno ya imani si makosa kwa asili yake. Mfiwa akianza mwenyewe kumtaja Mungu, rafiki wa dini hiyo anaweza kumwitikia kwa dua. Kinachoumiza ni imani inayotumiwa kufunga mazungumzo. Tena, ujumbe mmoja hautoshi. Tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa hufika, wakati wengine wote wamekwisha kusahau. Siku hiyo maneno matatu yanatosha: "Leo nimekukumbuka, mwenzangu."