Kuweka wazi nani alifanya nini kazini

Ripoti ya pamoja ikiwasilishwa kana kwamba ni ya mtu mmoja, njia nzuri ya kusahihisha ni kuizungumzia kazi yenyewe. Tuseme mmoja alikusanya takwimu za mauzo ya matawi, mwingine akaandika na kuwasilisha. Kesho yake mkusanyaji humwandikia mkuu wao, nakala kwa mwenzake: “Takwimu za matawi nilizikusanya na kuzihakiki mimi, uchambuzi ni wa mwenzangu. Swali lolote kuhusu jedwali la pili, naomba niulizwe mimi.” Maneno hayo yanawataja wote wawili na hayamlaumu yeyote. Nakala ni lazima. Bila hiyo ujumbe huonekana kama usengenyaji. Mwenzake akikanusha, historia ya matoleo ya faili huonyesha nani aliandika nini na lini, ingawa haionyeshi mawazo yaliyotolewa kwa mdomo.