Barua ya Kukubali Kazi: Tarehe, Msimamizi na Siku ya Kwanza

Barua ya kukubali kazi ni jibu la maandishi ambalo mwombaji humpa mwajiri baada ya kupokea barua ya ofa. Huwa fupi, aghalabu nusu ukurasa, na hubeba mambo manne: kwamba kazi imekubaliwa, tarehe ya kuanza, mtu atakayemsimamia mfanyakazi mpya, na utaratibu wa siku ya kwanza.

Jambo la kwanza ndilo lenye uzito wa kisheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ukubali wa ofa uwe kamili na usio na masharti. Mtu anayeandika kwamba ameikubali kazi ila mshahara uongezwe kidogo, au ila aanze mwezi unaofuata, bado hajaikubali ofa. Ametoa pendekezo jipya, na mwajiri ana hiari ya kulipokea au kulikataa. Kwa hiyo lolote linalohitaji kubadilishwa huzungumzwa kwanza, marekebisho yakapatikana kwa maandishi, ndipo barua ya kukubali ikaandikwa.

Kinachohitaji kubadilishwa mara nyingi ni tarehe ya kuanza, hasa kwa mtu ambaye tayari yuko kazini kwingine. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku zisizopungua 28 iwapo amepita mwezi wa kwanza kazini. Mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi. Siku za likizo hazihesabiwi ndani ya notisi, na anayekataa kufanya kazi katika muda huo anaweza kukatwa fedha za siku hizo kutoka kwenye stahiki zake.

Tuchukue mfano wa mhasibu msaidizi anayefanya kazi Morogoro kwa mshahara wa mwezi. Tarehe 11 Agosti 2025 anapokea ofa kutoka kiwanda cha kukoboa kahawa cha Moshi, ikimtaka aanze tarehe 1 Septemba. Akihesabu anaona haiwezekani, kwa kuwa hata akitoa notisi siku hiyohiyo, siku 28 zitaishia tarehe 8 Septemba. Tena si busara kutoa notisi kabla ofa haijathibitika, kwani anaweza kuacha kazi moja na kuikosa ya pili. Tarehe 12 anaandika kuomba aanze tarehe 15 Septemba. Tarehe 13 kiwanda kinajibu kwa barua kwamba kimeridhia. Tarehe 14 anatuma barua ya kukubali, na jioni anapata jibu kuwa imepokelewa. Tarehe 15 Agosti anatoa notisi, ambayo inakwisha Ijumaa, tarehe 12 Septemba. Anabaki na Jumamosi na Jumapili za kuhama, na Jumatatu anaanza kazi.

Barua yake, baada ya anwani mbili, tarehe na namba ya kumbukumbu ya ofa, inaweza kusomeka hivi:

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

YAH: KUKUBALI KAZI YA MHASIBU MSAIDIZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa barua yenu ya ofa ya tarehe 11 Agosti 2025, pamoja na barua ya marekebisho ya tarehe 13 Agosti 2025. Naikubali kazi hii kwa masharti yaliyomo katika barua hizo. Nakala ya ofa niliyoitia saini imeambatishwa.

Nitaanza kazi Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025. Ninaelewa kuwa nitakuwa chini ya usimamizi wa Mhasibu Mkuu.

Siku hiyo nitafika mapokezi ya ofisi ya Moshi saa 2:00 asubuhi na kumwulizia Afisa Rasilimali Watu. Nitakuja na vyeti halisi, Kitambulisho cha Taifa, namba ya mlipakodi, namba ya uanachama wa NSSF na taarifa za akaunti ya benki. Naomba kujulishwa iwapo kuna kingine kinachohitajika.

Wako mtiifu,
(saini na jina kamili)

Barua hii haikutaja mshahara. Haikuhitaji, kwa sababu kiasi kimo katika ofa, na kutaja ofa kwa tarehe yake kunatosha. Kurudia tarakimu kunafungua mlango wa makosa: sifuri moja ikipungua, kunakuwa na maandishi mawili yanayopingana. Barua ya marekebisho nayo imetajwa kwa makusudi, kwa kuwa ofa ya awali ingali na tarehe ya 1 Septemba, na karani wa mishahara anaweza kuifuata hiyo.

Namna ya kuandika tarehe na saa pia ina mitego yake. Tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu tupu, kama 9/10, wengine wataisoma mwezi wa kumi na wengine mwezi wa tisa, hasa kampuni ikiwa na makao makuu nje ya nchi. Jina la siku, jina la mwezi na mwaka huondoa utata. Saa nazo ni hivyohivyo: ofa iliyoandikwa kwa Kiingereza ikitaja saa nane ya asubuhi ya Kizungu, kwa Kiswahili hiyo ni saa 2:00 asubuhi. Anayeinakili tarakimu bila kuigeuza atafika mchana.

Neno “kuripoti” nalo lahitaji uangalifu. Ofisini lina maana mbili: kufika kazini siku ya kwanza, na kuwajibika kwa mkubwa fulani. Sentensi “nitaripoti kwa Mhasibu Mkuu” haisemi ni ipi kati ya hizo. Katika mfano huu anayempokea mgeni ni Afisa Rasilimali Watu, lakini atakayempangia kazi, kumwidhinishia likizo na kumtathmini wakati wa majaribio ni Mhasibu Mkuu. Ndiyo maana barua imeandika “chini ya usimamizi wa” upande mmoja na “kumwulizia” upande wa pili. Ikiwa ofa haikumtaja msimamizi, ni halali kuuliza kabla ya kukubali, na jibu likiingizwa kwenye barua linazuia mvutano wa wakubwa wawili wanaomtuma mtu mmoja.

Kuhusu namba ya NSSF, aliyewahi kusajiliwa huendelea na ileile. Akisajiliwa upya, michango yake hugawanyika katika kumbukumbu mbili, na kuiunganisha baadaye ni kazi ndefu.

Barua inaweza kupelekwa kwa mkono au kwa barua pepe, mradi ifike ndani ya muda uliotajwa kwenye ofa. Ikipelekwa kwa mkono, nakala ya pili hugongwa muhuri wa kupokelewa na kubaki kwa mfanyakazi. Ikitumwa kwa barua pepe, jibu la mwajiri la kuthibitisha kupokea hufanya kazi ya muhuri huo. Notisi kwa mwajiri wa zamani itolewe baada ya uthibitisho huo kuwa mkononi, si kabla yake.