PILAU YA WATU WANNE ILIWE NA KUMI NA WAWILI

Kikao cha kamati ya chama cha msingi aghalabu huanza asubuhi na kumalizika alasiri. Wajumbe wengine hutoka vijiji vya mbali, na hapana budi wapatiwe chakula cha mchana. Katibu huandika hati ya malipo ya mchele na nyama, na mpishi hupewa kazi ya kupika pilau ya watu kumi na wawili, hali kipimo anachokijua ni kile cha nyumbani kwake, cha watu wanne.

Mwandishi wa makala haya alipata kukaa katika kikao kimoja ambapo mpishi alizidisha kila kitu mara tatu, kama hesabu inavyoonekana kudai. Matokeo yake yalikuwa mashendea chini, punje ngumu juu, na harufu ya karafuu iliyofunika ladha ya nyama. Kilo moja na nusu ya mchele na kilo moja na nusu ya nyama, vyote vilivyonunuliwa kwa fedha za wanachama, vililiwa nusu tu. Mpishi hakukosea kuzidisha. Alikosea kudhani kwamba kila kitu hufuata idadi ya watu. Viko vitu vinavyofuata idadi ya watu, na viko vinavyofuata sufuria.

Na tuanze na kipimo cha watu wanne: mchele nusu kilo, ambao ni sawa na vikombe viwili na nusu vya robo lita, nyama nusu kilo, vitunguu maji vitatu, mafuta vijiko vikubwa 5, bizari nzima vijiko vidogo 2, karafuu 6, kijiti kimoja cha mdalasini, chumvi vijiko vidogo 2, na supu ya nyama vikombe 4. Sufuria yake ina upana wa sentimita 20.

Mchele na nyama hufuata walaji. Hivyo vizidishwe mara tatu bila wasiwasi: kilo moja na nusu ya kila kimoja. Vitunguu navyo viwe tisa.

Sasa tutazame sufuria. Watu wengi hudhani kwamba chakula cha mara tatu chahitaji sufuria yenye upana wa mara tatu. Sivyo. Eneo la kitako hukua upesi kuliko upana. Ili chakula mara tatu kikae kwa kina kile kile cha awali, yatosha sufuria ya sentimita 35. Jikoni mwetu, hata hivyo, sufuria inayopatikana mara nyingi ni ya sentimita 28 hivi. Kitako chake ni mara mbili tu ya kile cha sentimita 20, kwa hiyo chakula kitasimama juu zaidi, mara moja na nusu ya kina cha kwanza. Tofauti hii ndiyo inayobadilisha maji, mafuta na muda.

Maji yanayotiwa katika mchele hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hunywewa na mchele, na kwa makadirio ni kikombe kimoja kwa kila kikombe cha mchele. Fungu la pili hupotea kwa mvuke. Katika kipimo chetu cha watu wanne, vikombe viwili na nusu hunywewa, na kimoja na nusu hupotea. Mvuke haujui idadi ya walaji. Hutegemea upana wa uso wa sufuria. Kwa kuwa sufuria ya sentimita 28 ina uso wa mara mbili, itapoteza vikombe vitatu. Mchele wa vikombe saba na nusu utakunywa vikombe saba na nusu. Jumla ni vikombe kumi na nusu, wala si kumi na viwili. Kikombe kimoja na nusu kilichozidi ndicho kilichozaa yale mashendea. Lakini mpishi akipata sufuria ya sentimita 35, uso wake ni mara tatu, na hapo vikombe kumi na viwili ni sawa.

Mafuta pia hufuata kitako. Kazi yake ya kwanza ni kufunika chini ya sufuria ili vitunguu vikaangike. Katika sufuria ya sentimita 28 vijiko vikubwa 10 au 11 vyatosha. 15 vitaifanya pilau ielemee tumbo.

Vitunguu tisa visikaangwe kwa pamoja. Vikirundikana hutoa maji na kuchemka ndani ya maji hayo, vikawa vyeupe na laini, na pilau ikakosa rangi. Vikaangwe mara mbili katika mafuta yale yale, na kila fungu liopolewe likiwa la kahawia.

Kuhusu viungo, chumvi hufuata uzito wa chakula, kwa hiyo mwisho wake ni vijiko vidogo 6. Hata hivyo yafaa kuanza na 5, kisha kuonja supu kabla ya kutia mchele. Supu iwe imekolea kidogo kupita supu ya kunywa, maana mchele utaigawana chumvi hiyo. Karafuu na mdalasini zina nguvu, na katika sufuria kubwa hukaa motoni muda mrefu zaidi zikiendelea kutoa ladha. Zianze mara mbili tu, yaani karafuu 12 na vijiti viwili. Bizari iwe vijiko vidogo 5. Kiungo kilichopungua huongezwa; kilichozidi hakiondoleki.

Mwisho ni muda. Nyama ikishachemka hulainika kwa muda ule ule, iwe nusu kilo au kilo moja na nusu, mradi vipande viwe na ukubwa ule ule. Kinachorefuka ni muda wa kufikia kuchemka. Kwa jiko lile lile, supu ya vikombe 4 inayochemka kwa dakika 10 itahitaji dakika 25 hivi ikiwa vikombe kumi na nusu. Basi jiko liwashwe mapema, na mchele utiwe supu ikiwa inatokota kwa nguvu. Maji yakishuka usawa wa mchele, moto upunguzwe, sufuria ifunikwe na makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Kwa watu wanne dakika 20 zatosha. Kwa kina hiki kikubwa ziwe 30, kwa sababu joto lina safari ndefu kufika katikati.

Kabla ya kuepua, mpishi achukue punje za juu na za katikati azibonyeze kwa vidole. Zikiwa na kiini kigumu, anyunyize nusu kikombe cha maji ya moto, afunike na kuongeza dakika 10. Asikoroge, maana kukoroga huvunja punje na kuleta mashendea.

Katibu apime upana wa sufuria ya chama kwa rula na kuuandika daftarini, pamoja na vikombe vya supu vilivyotumika na jinsi pilau ilivyotoka. Kikao kijacho mpishi, hata akiwa mgeni, ataanza na kipimo cha sufuria ile ile.