Keki ya Buluu Isiyogeuka Kijani

Mama mmoja aliniletea puto la buluu iliyokoza. Mwanawe alikuwa anatimiza miaka mitano, na maputo yalikuwa yameshanunuliwa. Nilishukuru, maana puto huwezi kulibadilisha rangi, lakini krimu unaichanganya mwenyewe. Nunua mapambo kwanza, kisha ifuatishe keki.

Tatizo la buluu huanzia kwenye siagi. Siagi ni ya manjano, na majarini huizidi, kwa hiyo ukitia buluu unapata kijani cha embe bichi. Watu huongeza buluu zaidi, na kijani kinazidi kukolea. Dawa ni kuipunguza ile manjano kabla ya kutia rangi yoyote. Nilipiga nusu kilo ya siagi laini kwa mashine kama dakika kumi mpaka ikapauka, nikaongeza kilo moja ya sukari laini ya aising. Kisha nikachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi ya jeli ya zambarau, nikaigusisha kwenye krimu na kuikoroga vizuri. Zambarau na manjano hufifishana, na krimu ikawa karibu nyeupe. Ukizidisha itakuwa ya kijivu, kwa hiyo gusa mara moja, koroga, utazame.

Natumia jeli kwa sababu rangi ya maji, ukitaka ikoze, inalegeza krimu.

Niligawa krimu mafungu matatu. Fungu dogo nililikoza kwa buluu hadi likakaribia puto, nikaliacha usiku kucha likiwa limefunikwa, maana rangi huendelea kukolea kadiri inavyokaa. Asubuhi nilililinganisha na puto karibu na dirisha. Taa ya manjano ya jikoni ingenidanganya. Lilikuwa linang'aa kuliko puto, nikaligusisha rangi ya chungwa kidogo sana, likatulia. Fungu kubwa sikulitilia rangi ya chupa. Nilichota vijiko viwili vya ile buluu iliyokoza, nikakoroga humo, nikapata buluu hafifu ya udugu mmoja na ile ya kwanza. Hapo ndipo upatanisho unapopatikana bila kubahatisha.

Hafifu ndiyo iliyopakwa keki nzima. Iliyokoza ilibaki kwenye ukingo wa chini tu, kwani rangi nyingi huacha midomo na meno ya watoto yakiwa ya buluu. Fungu la tatu, dogo kabisa, nililitia chungwa kwa nyota chache na jina. Chungwa ndiyo inayokabiliana na buluu, hivyo kidogo chake kinaonekana mbali. Mama alitaka nyota nyingi zaidi. Nilimsihi asiongeze, badala yake akaweka mishumaa mitano ya chungwa na utepe mmoja wa rangi hiyo mezani.

Keki ikitoka kwenye friji hutoa jasho, na buluu iliyokoza huchuruzika juu ya hafifu. Nilimwomba aiache ndani ya boksi lake mpaka ipoe ubaridi, mbali na jua la dirishani.