Runinga Mpya: Backlight na Brightness Si Kitu Kimoja

Mkazi anayewasha runinga mpya hukuta kwenye menyu ya Picture maneno mawili, Backlight na Brightness. Wengi hudhani yote huongeza mwanga tu. Ukiyachanganya, picha huharibika na tokeni za umeme huisha haraka.

Kioo cha runinga ya LED hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna taa ndogo zilizopangwa kwa mistari, na kioo huzuia au kupitisha mwanga wake, kama pazia dirishani. Backlight hupandisha au kushusha nguvu ya taa hizo. Brightness haigusi taa. Kazi yake ni kuamua jinsi sehemu zenye giza katika picha zitakavyoonekana.

Anza na Brightness. Usiku, tafuta filamu yenye mtu aliyevaa koti jeusi gizani, kisha usimamishe picha. Shusha Brightness mpaka mikunjo ya koti ipotee, halafu ipandishe polepole mpaka mikunjo ianze tu kuonekana. Acha hapo. Ukizidisha, weusi utageuka kijivu, kana kwamba ukungu wa Mau Summit umeingia sebuleni.

Sasa rekebisha Backlight kulingana na chumba. Mchana, jua likiingia dirishani, ipandishe. Usiku, ishushe mpaka macho yasichoke unapotazama sehemu nyeupe. Taa hizi ndizo hula sehemu kubwa ya umeme wa runinga, kwa hivyo anayetumia betri ya sola ataona tofauti akizishusha. Kushusha Brightness pekee hakuokoi umeme wa maana. Tena, taa zinazowaka kwa nguvu zote kila siku hupata joto zaidi na huchakaa mapema. Runinga mpya ikiwa kwenye Vivid au Dynamic, mara nyingi taa huwa zimepandishwa sana. Chagua Standard kabla ya kuanza.

Tahadhari: baadhi ya runinga huita nguvu ya taa Brightness, na giza la picha huliita Black Level. Usitegemee jina. Sogeza kipimo huku ukitazama picha yenye giza na weupe. Picha nzima ikififia kwa pamoja, hiyo ni taa. Mikunjo ikimezwa au weusi ukiwa kijivu, hicho ni kipimo cha giza.

Siku moja sauti ikisikika lakini kioo kikawa cheusi, zima taa za chumba, kisha mulika kioo kwa tochi kutoka karibu. Ukiona picha hafifu ikisonga, huenda taa za nyuma zimekufa, na hakuna kipimo cha menyu kitakachozirudisha. Usifungue runinga mwenyewe, kwani ndani yake mna umeme hatari. Ipeleke kwa fundi, na kama waranti haijaisha, irudishe dukani ukiwa na risiti.